Patna alikopa peke yake, mbona dalali anabisha kwako?

Bonasi ya majani chai ya 2025 iliposhuka, stori yote ilikuwa ya mkulima. Wakulima wa Kericho na Bomet walilalamika, wanasiasa wakapanda jukwaani, na mitandaoni kila mtu akageuka mtaalamu wa mnada wa chai wa Mombasa. Sawa kabisa. Lakini kuna mtu mwingine ambaye hakutajwa sana, na huenda mtu huyo ni wewe: kijana aliyefungua agroveti na mabeshte zake, akatoa mbolea kwa mkopo, akangoja bonasi iingie ndio alipwe.

Unajua vile huku kwetu mambo huenda. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba. Kabla ya hapo mkulima anachukua mbolea na chakula cha ng'ombe, anaandikwa kwenye daftari, anasema "nitalipa bonasi ikifika." Duka nalo halina pesa ya kuvumilia miezi hiyo yote, kwa hivyo linachukua mali kwa mkopo kutoka holseli. Mkulima anadaiwa na duka, duka linadaiwa na holseli. Bonasi ikipungua, kamba hukatikia katikati, na hapo katikati ndipo mko nyinyi.

Sasa swali ni hili. Kama mko watatu kwenye biashara, na mmoja wenu alichukua hiyo mali peke yake bila kuwaambia, deni ni la nani?

Jibu la mtaani ni rahisi: aliyekopa alipe. Jibu la sheria ya Kenya ni tofauti, na ni afadhali ulisikie leo kuliko ulisikie kwa dalali.

Tuchukue mfano

Mfano huu ni wa kutunga, ila hakuna kitu cha ajabu ndani yake. Mko watatu na mmefungua agroveti Kipkelion. Kila mmoja ametoa 80,000, na mmekubaliana faida mtagawana sawa. Hamkwenda kwa wakili. Mmeandikisha jina la biashara kupitia eCitizen, mkapata cheti chenye majina yenu matatu, mkachonga muhuri, basi.

Mmoja wenu ndiye hukaa dukani kila siku. Tumwite patna wa duka. Wa pili ana ng'ombe wa maziwa upande wa Chepseon na huja Jumamosi. Wewe umeajiriwa Kericho mjini, una kamshahara, na kazi yako ni kupiga hesabu mwisho wa mwezi. Mlikubaliana kwa mdomo kwamba hakuna mtu kuchukua mali ya zaidi ya 50,000 kwa mkopo bila wengine kujua.

Mwezi wa saba, patna wa duka anaona msimu unakuja. Anapiga simu holseli moja Kericho, anaagiza mbolea, chakula cha ng'ombe na dawa ya kupe, zote za 600,000. Lori linakuja, mali inashushwa dukani, yeye anatia sahihi karatasi ya kupokea na kugonga muhuri wa duka. Anauza karibu yote kwa mkopo. Bonasi inakuja kidogo, wakulima wanalipa kidogo. Anafanikiwa kupeleka holseli 90,000, halafu simu yake inazimwa. Mnasikia ameenda kutafuta kazi Gulf.

Deni lililobaki ni 510,000. Siku moja simu yako inalia.

"Kijana, nyinyi ndio wenye ile agroveti ya Kipkelion?"

"Ndiyo mzee, lakini si mimi niliyechukua hiyo mali. Hata sikujua."

"Jina lako liko kwa cheti?"

"Liko."

"Basi hiyo ya kutojua mtaongea na mwenzako. Mimi nataka pesa yangu."

Ukweli mchungu ni kwamba huyo mzee yuko sawa.

Sheria inasemaje

Biashara ya watu wawili au zaidi wanaoiendesha pamoja ili wapate faida inaitwa ubia, na nyinyi mnaitwa wabia. Kenya inaongozwa na Sheria ya Ubia ya mwaka 2012. Ilichukua nafasi ya sheria ya tangu enzi ya ukoloni, na misingi yake mikubwa inafanana na ile ya Uingereza ya mwaka 1890. Misingi miwili ndiyo inayokubana hapa.

Wa kwanza: kila mbia ni ajenti wa biashara na wa wabia wenzake. Akifanya jambo ambalo biashara ya aina hiyo hulifanya kwa kawaida, amewafunga nyote, kana kwamba nyote mlikuwa pale mkitia sahihi. Agroveti kuagiza mbolea ni jambo la kawaida. Kuichukua kwa mkopo pia ni kawaida. Mwenye holseli hakuwa na sababu ya kushtuka.

Wa pili: kila mbia anawajibika pamoja na wenzake kwa madeni ya biashara yaliyoingia akiwa ndani. Sasa hapo kwenye "pamoja" ndipo wengi huteleza. Wanadhani maana yake ni kwamba 510,000 itagawanywa kwa tatu, kila mtu alipe 170,000 aende zake. Hapana. Mgawanyo huo ni wenu nyinyi kwa nyinyi. Kwa mwenye holseli, kila mmoja wenu anaweza kudaiwa zile 510,000 zote. Na mali inayoguswa si ile ya duka peke yake. Pikipiki yako, pesa yako benki, kipande cha shamba chenye jina lako, vyote viko mezani. Zile 80,000 ulizoweka si kikomo cha hasara yako. Zilikuwa mwanzo tu.

Kwa hivyo mdai atamfuata nani? Atamfuata anayepatikana na mwenye kitu. Patna wa duka yuko Gulf. Wa pili ana ng'ombe. Wewe una mshahara. Umeshaelewa.

Shamba la mzee wako je? Kama hati ina jina la mzee, hilo si lako na deni la ubia wenu haliligusi, hata kama unalima hapo tangu ukiwa mdogo. Lakini kama mzee alishakukatia kipande chako na hati ikatoka kwa jina lako, hicho ni mali yako, na wadai wako wanaweza kukitazama.

"Lakini tulikubaliana 50,000!"

Hapa ndipo penye stori yenyewe. Mlikubaliana, ni kweli. Tuseme hata mliandika, mkatia sahihi nyote watatu, karatasi iko kwenye droo ya duka. Je, inakuokoa?

Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya mwaka 1962, kati ya kampuni ya mikopo ya Mercantile Credit na mtu aliyeitwa Garrod. Garrod alikuwa na mwenzake, Parkin, wakiendesha gereji pamoja. Walikodisha vyumba vya kuwekea magari na kufanya ripea. Garrod alikuwa mbia wa kutoa pesa tu, Parkin ndiye aliyesimamia kazi. Mkataba wao ulisema wazi kwamba hawatanunua wala kuuza magari. Parkin akaenda kivyake, akaiuzia ile kampuni gari ambalo hata halikuwa lake, kwa pauni 700. Ukweli ulipojulikana, kampuni ikamdai Garrod.

Garrod alijitetea vile ungejitetea wewe: mkataba wetu ulikataza. Mahakama ikasema kampuni haikuujua mkataba huo. Kwa mtu wa nje, gereji kuuza gari ni jambo la kawaida. Garrod akapatikana na wajibu wa kulipa.

Wakili yeyote wa Kenya anaweza kuitaja kesi hiyo mbele ya hakimu, kwa sababu swali letu ni lilelile: mtu wa nje alijua nini? Sheria inasema biashara haifungwi na kitendo cha mbia asiye na ruhusa ikiwa yule aliyeshughulika naye alijua hana ruhusa, au hakujua kabisa kwamba ni mbia. Soma hiyo tena polepole. Hoja ni alichojua mwenye holseli, wala si mlichoandikiana usiku mkinywa chai.

Ndiyo maana karatasi ya kwenye droo inakulinda dhidi ya patna wako tu. Haikulindi dhidi ya mdai.

Pale ambapo deni si lako

Usitoke hapa ukidhani kila shilingi ambayo patna wako anadaiwa ni yako. Kuna mipaka, na ni muhimu kwa sababu wadai wengine hujaribu bahati.

Angalia kwanza mkopo ulichukuliwa kwa jina la nani. Kama patna wa duka alichukua Fuliza au Hastla Fandi kwa laini yake na kitambulisho chake, aliyekopeshwa ni yeye. Hata akichukua hizo pesa akanunua stoki, hilo peke yake halifanyi deni kuwa la duka. Tofauti yake na ile oda ya 600,000 ni kwamba oda ilitolewa kwa jina la duka, mali ikashushwa dukani, na muhuri wa duka ukagongwa.

Halafu uliza kama kitu chenyewe kinahusiana na biashara. Kama alichukua mabati ya nyumba yake kwa kutumia jina la agroveti, hilo ni jambo lake binafsi, na wewe hufungwi nalo isipokuwa ulimruhusu.

Kuna na aina ya biashara. Mahakama zimetofautisha biashara za kununua na kuuza na zile za huduma. Kwenye duka, mbia huhesabiwa kuwa na uwezo wa kukopa pesa kwa niaba ya biashara, kwa sababu kununua na kuuza huhitaji mtaji wa kuzungusha. Kwenye huduma, uwezo huo hauji wenyewe. Mwaka 1914 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba ubia wa kuonyesha sinema haukuwa biashara ya kununua na kuuza, kwa hivyo mbia mmoja hakuweza kuwafunga wenzake kwa pesa alizokopa bila ruhusa yao. Kama nyinyi mna kinyozi au sehemu ya kuosha magari, hoja hiyo inaweza kuwafaa. Kwa agroveti, sahau.

Na wewe unayesema "mimi niliweka pesa tu, sikai dukani"? Kama unagawana faida kama mwenye biashara, hiyo haikutoi. Garrod naye aliweka pesa tu. Hata kutoandikisha hakusaidii, kwa sababu ubia hutokana na vile mnavyofanya biashara, si na cheti. Kuna hata wale ambao si wabia kabisa lakini wameruhusu watambulishwe hivyo. Ukiachilia picha yako ikae kwenye bango la duka na mtu akaamini, akatoa mkopo kwa ajili hiyo, anaweza kukudai.

Karatasi ikifika mlangoni

Turudi kwa zile 510,000. Deni la chini ya shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hiyo ni haraka. Mwenye holseli pia haitaji kuwatafuta nyote watatu. Anaweza kushtaki jina la biashara, kisha samansi ikapelekwa kwa mmoja wenu.

Kosa kubwa ambalo vijana hufanya ni kuikalia hiyo samansi. "Si mimi niliyekopa, kwa nini nijibu?" Ukipewa samansi ukiwa mbia, usijitokeze, na hukumu itoke dhidi ya biashara, dalali anaweza kuja moja kwa moja kwa mali yako. Jibu ndani ya siku zilizoandikwa kwenye karatasi. Kama una hoja, kwamba ulikuwa umetoka, kwamba mali ilikuwa ya nyumba yake, kwamba mdai aliambiwa, mahali pa kuitoa ni pale na wakati wa kuitoa ni ule.

Tuseme huna hoja na umelipa zote 510,000. Sasa sheria inageuka upande wako. Una haki ya kuwadai wenzako sehemu yao: 170,000 kwa mwenye ng'ombe, 170,000 kwa aliyeenda Gulf. Na kwa kuwa yule alivunja mapatano ya 50,000, nyinyi wawili mnaweza kumdai hasara yote. Hapo ndipo ile karatasi ya droo inapata kazi yake. Makubaliano ya mdomo nayo yana nguvu, lakini utayathibitishaje?

Shida ni kwamba haki si pesa. Kama hapatikani wala hana kitu, mtakaobaki mtabeba mzigo wake: 255,000 kwako na 255,000 kwa mwenye ng'ombe. Kwa sababu ya oda ambayo hamkuiona.

Sasa ufanye nini

Dawa ya kwanza haigharimu hata wakili. Kama kinachokulinda ni kile mdai anachojua, basi mjulishe. Andikeni barua fupi kwa kila holseli mnayonunua kwake: "Kuanzia leo, oda yoyote ya mkopo inayozidi shilingi 50,000 kwa jina la duka letu isitolewe bila sahihi za wabia wawili." Tieni sahihi nyote watatu. Pelekeni nakala mbili, moja ibaki kwake, nyingine arudishe ikiwa na sahihi yake, muhuri na tarehe. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko kunyamaza, lakini tiki mbili za buluu hazina uzito wa karatasi iliyogongwa muhuri. Kisha nendeni benki mfanye akaunti iwe ya sahihi mbili.

Barua hiyo ina mipaka yake. Inamfunga aliyeipata tu, na kwa oda za baadaye. Patna wako akienda holseli mpya ya Nakuru ambayo haijawahi kusikia habari yenu, mmerudi palepale.

Kwa hivyo dawa ya pili ni kubadilisha aina ya biashara yenyewe. Tangu Sheria ya mwaka 2011, Kenya ina ubia wenye dhima ya kikomo. Huo ni kama mtu wa peke yake mbele ya sheria. Deni ni la ubia, na wewe hulibebi kwa sababu tu ni mbia. Kampuni ya dhima ya kikomo hufanya kazi hiyohiyo. Ni ghali kuliko jina la biashara: kwa miaka mingi jina limelipiwa chini ya 1,000 na kampuni zaidi ya 10,000, na kuna ripoti za kupeleka kila mwaka. Linganisha hiyo na 255,000.

Ila ujue ngao hiyo hutoboka mahali pawili. Benki au holseli ikikutaka utie sahihi kama mdhamini wa kampuni yako mwenyewe, umerudisha mali yako mezani kwa kalamu yako. Na mkifungua kampuni halafu mwendelee kuagiza kwa jina la zamani na muhuri wa zamani, mdai atasema alishughulika na ule ubia wa kwanza.

Mwisho, ukitaka kutoka. Kumwambia patna "mimi nimejitoa" na kuondoka kwenye grupu hakutoshi. Madeni yaliyoingia ukiwa ndani hukufuata. Hata yale ya baadaye yanaweza kukufikia, kwa sababu wanaojua wewe ni mbia wana haki ya kuendelea kuamini hivyo mpaka waambiwe. Toa jina lako kwenye usajili kupitia eCitizen, waandikie wote mlioshughulika nao, na weka tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwa ajili ya wengine.

Kwa hivyo kabla ya msimu mwingine wa mbolea, fungua daftari la duka uandike majina ya kila holseli inayowapa mali kwa mkopo. Mbele ya kila jina andika kama wanajua kikomo chenu au hawajui. Pale ulipoandika "hawajui," patna wako anaweza kukukopea leo mchana, na wewe ndio utalipa.